Namba za Chanjo Zihakikiwe Kabla ya Saini

Kampeni ya chanjo ya polio ya nyumba kwa nyumba kwa kawaida huchukua siku nne, na ripoti yake hutakiwa mezani kabla wachanjaji hawajapumzika. Ndiyo maana njia ya mkato inavutia. Jedwali la namba linaingizwa kwenye programu ya akili mnemba, na baada ya muda mfupi zinatoka kurasa mbili zilizonyooka, zenye vichwa vidogo, asilimia na mapendekezo. Hatuna ugomvi na njia hiyo. Mratibu wa chanjo aliyekesha akikusanya fomu za kata anastahili kupunguziwa kazi ya kutunga sentensi. Ugomvi wetu ni na muhtasari unaotoka kwenye mashine na kwenda moja kwa moja kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kutiwa saini, bila mtu kuulinganisha na karatasi ulikotoka.

Tuchukue wilaya ya mfano. Majina ya kata na namba zake tumezitunga, ila kila kosa tutakalolitaja ni la aina ambayo programu hizi hulifanya.

Wilaya ina kata nne. Bondeni ina lengo la watoto 6,200 na imechanja 5,890, sawa na asilimia 95. Mlimani ina lengo la 4,000 na imechanja 4,480, yaani asilimia 112. Sokoni, kata kubwa kuliko zote, ina lengo la 8,500 na imechanja 6,970, asilimia 82. Ziwani ni ndogo: lengo 1,300, waliochanjwa 1,287, asilimia 99. Namba hizi zinatoka kwenye karatasi za tali. Mchanjaji anapiga mstari kwa kila mtoto aliyepewa matone, msimamizi anajumlisha jioni, kata inapeleka wilayani. Lengo halitoki mtaani. Linakokotolewa ofisini kutokana na sensa na makadirio ya ongezeko la watu, na jambo hilo tutalihitaji baadaye.

Muhtasari wa mashine unasema hivi: watoto 19,914 walichanjwa kati ya lengo la 20,000, na wilaya imefikia asilimia 97. Watoto walipewa dozi 21,500. Mlimani imevuka lengo kutokana na uhamasishaji mzuri wa viongozi wa dini. Sokoni imebaki nyuma kwa sababu ya mvua na uvumi dhidi ya chanjo. Uhakiki huru umethibitisha kwamba kampeni imefanikiwa, na kinga ya jamii imeimarika kuliko mzunguko uliopita.

Unasomeka vizuri. Una namba, una sababu, una hitimisho. Mganga Mkuu mwenye vikao vitatu siku hiyo atausoma mara moja na kutoa kalamu mfukoni.

Kosa la kwanza halihitaji hata kufungua jedwali. Gawanya 19,914 kwa 20,000. Unapata asilimia 99.6. Muhtasari wenyewe unasema 97. Namba mbili zilizo kwenye sentensi moja zimekataa kukubaliana, na hilo peke yake linatosha kuusimamisha. Mhakiki aanze hapo siku zote, kwa kuzipima namba za muhtasari zenyewe kwa zenyewe. Kazi hiyo ni ya kikokotoo cha simu na inachukua muda mfupi kuliko kuchapa ukurasa.

Sasa fungua jedwali. Ikiwa lengo liko safu ya B, waliochanjwa safu ya C na asilimia ya kila kata safu ya D, hesabu mbili zinamaliza ubishi:

```
=SUM(C2:C5)
=SUM(C2:C5)/SUM(B2:B5)
```

Ya kwanza inatoa 18,627. Ya pili inatoa asilimia 93.1. Kwa hiyo jumla ya mashine imezidi, na asilimia yake pia imezidi, lakini kwa sababu mbili tofauti. Ni vizuri mhakiki azijue zote mbili badala ya kusahihisha namba na kupita.

Jumla imezidi kwa 1,287. Namba hiyo umeshaiona: ni watoto wa Ziwani. Kata hiyo ilituma taarifa yake mara mbili, kwanza kwa ujumbe wa simu jioni ya siku ya nne, kisha kwa fomu kamili kesho yake, na zote mbili zikabaki kwenye faili. Mtu angegundua kuwa ni taarifa ileile. Programu ilizijumlisha. Hapa pana somo la kazi: jumla ikipishana, usikimbilie kuifuta. Itazame tofauti yenyewe. Ikilingana na namba ya kata moja, kuna kata iliyohesabiwa mara mbili au iliyorukwa. Ikigawanyika kwa tisa bila baki, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi wakati wa kunakili, mathalani 5,890 ikaandikwa 5,980. Makarani wa zamani wa hesabu walikuwa wakiijua hila hii kabla ya kompyuta kuingia ofisini.

Asilimia 97 nayo imetoka wapi? Jumlisha 95, 112, 82 na 99, kisha gawanya kwa nne. Jibu ni 97 kamili. Mashine imechukua wastani wa asilimia za kata, kana kwamba kata zote zina watoto sawa. Ziwani yenye lengo la watoto 1,300 imepewa uzito uleule wa Sokoni yenye 8,500. Kosa hili ni la hatari kuliko lile la jumla, maana halionekani kuwa kosa. Hesabu imefanyika sawasawa, ila haikuwa hesabu iliyotakiwa. Na mara nyingi linaelekea upande wa kufurahisha, kwa kuwa kata kubwa za mijini ndizo ngumu kumaliza, na wastani wa namna hii unazifanya zionekane ndogo. Wilaya iliyo kwenye 93 inajiona iko 97. Tofauti hiyo ya takribani pointi nne, kwenye lengo la watoto 20,000, ni karibu watoto mia nane.

Kuhusu dozi tutasema kidogo. Chupa zilizotumika hapa ni za dozi 20, na zilizofunguliwa ni 1,075, ndiyo hiyo 21,500. Lakini mtoto mmoja anapewa dozi moja, yaani matone mawili, katika kila mzunguko. Watoto 18,627 hawawezi kumeza dozi 21,500. Zile 2,873 zilizobaki ni upotevu, asilimia 13.4, kiasi ambacho hakishangazi kwa kazi ya nyumba kwa nyumba. Mashine imechukua namba ya stoo na kuipeleka mdomoni mwa watoto. Ingekuwa kinyume, watoto wengi kuliko dozi, hapo tungetaka maelezo ya haraka, maana ingeonyesha kwamba kuna mistari ya tali iliyopigwa bila mtoto.

Tuje kwenye sababu, ambako ndiko tunakotaka msomaji akae nasi muda mrefu zaidi. Namba iliyokosewa ina mahali pa kusahihishiwa. Sababu ya kubuni huingia kwenye mpango wa mzunguko ujao na kula bajeti.

Mashine imesema Sokoni imekwamishwa na mvua na uvumi. Tumetafuta mvua kwenye fomu. Hakuna. Hakuna safu ya hali ya hewa, hakuna maoni ya msimamizi yanayoitaja, hakuna siku ambayo timu haikutoka. Basi imetoka wapi? Programu hizi huandika maneno ambayo kwa kawaida hufuatana na maneno yaliyotangulia. Ripoti za kampeni zilizowahi kuandikwa zimejaa mvua, barabara mbovu na uvumi. Ikikutana na kata yenye asilimia 82, inatoa sababu ambayo ripoti nyingine zingetoa. Haina nia ya kudanganya, na haijui kwamba imebuni. Ndiyo maana kuiambia ijikague yenyewe si uhakiki: itaweza kukubali kosa ambalo halipo, au kulitetea lililopo, kwa lugha ileile ya kujiamini.

Kwa bahati nzuri fomu zina kitu cha kusema. Timu ikikuta nyumba yenye mtoto asiyechanjwa, inaandika sababu: hayupo, amelala, anaumwa, mzazi amekataa. Kisha inarudi. Kwa Sokoni, watoto 410 walikuwa hawajachanjwa hadi jioni ya mwisho. Kati yao 322 hawakuwepo nyumbani kila timu ilipopita. Waliokataliwa na wazazi ni 51. Waliobaki, 37, walikuwa wagonjwa, wamelala, au sababu haikuandikwa.

Waliokataliwa ni mmoja tu katika kila wanane. Wasiokuwepo ni karibu wanne katika kila watano. Hata hao 51 fomu haisemi kama walikataliwa kwa sababu ya uvumi. Mzazi anaweza kukataa kwa kuwa mtoto alichanjwa kliniki wiki iliyopita, au kwa kuwa baba hayupo na mama hataki kuamua peke yake. Neno "uvumi" linahitaji mtu aliyeuliza na mtu aliyejibu, na kwenye fomu hizi hakuna aliyeuliza.

Sasa angalia kinachofuata. Wilaya inayoamini habari ya uvumi itanunua matangazo ya redio, itaita viongozi wa dini, itachapa vipeperushi. Wilaya inayosoma fomu itajua kwamba watoto wengi walioandikwa Sokoni hawakuwepo nyumbani; huenda mchana wako na mama zao kwenye meza za biashara, kwa jirani, au kwenye vituo vya kulelea watoto. Itabadilisha saa za timu ili zipite alfajiri na jioni, na itaweka mchanjaji sokoni na stendi. Hizo ni bajeti mbili tofauti. Sentensi moja isiyo na chanzo inaweza kuipeleka fedha ya mzunguko mzima mahali ambapo hakuna mtoto aliyekosa matone.

Hata hivyo fomu nazo zina mwisho wake, na mhakiki mwaminifu lazima auseme. Pengo la Sokoni ni watoto 1,530. Wenye sababu iliyoandikwa ni 410. Hao 1,120 wengine hawamo kwenye karatasi yoyote. Huenda kuna mitaa ambayo timu haikuifikia. Huenda lengo lilikuwa kubwa kupita kiasi, kwa kuwa makadirio ya sensa hayafuati watu wanaohama. Na huenda baadhi yao walichanjwa kata ya jirani.

Hapo ndipo Mlimani inapoingia. Asilimia 112 haiwezi kuwa sifa ya uhamasishaji. Huwezi kuchanja watoto wengi kuliko waliopo. Ukivuka mia, ama lengo lilikuwa dogo, ama umechanja watoto wa kwingine, ama umechanja waliozidi umri, ama tali ina kasoro. Mlimani na Sokoni zinapakana, na timu za mpakani hazimwachi mtoto kwa kuwa nyumba yao iko upande wa pili wa barabara. Ukiziunganisha kata hizo mbili unapata watoto 11,450 kwenye lengo la 12,500, asilimia 91.6, picha iliyotulia zaidi kuliko 112 na 82. Hatusemi ndivyo ilivyokuwa. Tunasema swali hilo linajibika kwa kupiga simu kwa wasimamizi wawili na kuzifungua tena karatasi za mitaa ya mpakani, na muhtasari wa mashine umelifunga kwa kuwasifu viongozi wa dini ambao hawatajwi popote kwenye jedwali.

Limebaki dai la uhakiki huru. Baada ya kampeni, watu ambao hawakuwa wachanjaji huenda mitaani kuangalia alama ya wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Katika utaratibu unaotumika kwenye kampeni za polio barani Afrika, eneo moja huchukuliwa watoto 60. Wakikutwa wasio na alama watatu au pungufu, eneo linahesabiwa kuwa limefikia asilimia 90. Wakiwa wanne hadi wanane, liko kwenye ngazi ya 80 hadi 89. Sokoni walikutwa saba. Kwa hiyo uhakiki huru haukuthibitisha mafanikio ya Sokoni. Ulisema kata hiyo haijafika 90. Mashine iliona neno "uhakiki" kwenye faili, ikaliambatanisha na neno "mafanikio", kwa kuwa ndivyo maneno hayo hukaa.

Uhakiki huu una faida moja ambayo hesabu za tali hazina. Hautegemei lengo. Hata kama lengo la Sokoni lilikosewa, vidole saba visivyo na wino ni vya watoto halisi waliokutwa mitaani. Ila usiigeuze 53 kati ya 60 kuwa asilimia ya kata. Sampuli hiyo ilipangwa kujibu kama eneo limefaulu au halikufaulu, na ni ndogo mno kwa kazi nyingine.

Na kinga ya jamii? Tali haipimi kinga. Inahesabu watoto waliopewa matone. Kusema kinga imeimarika kunahitaji vipimo vya damu, navyo havikufanyika. Kulinganisha na mzunguko uliopita kunahitaji kwanza kuuliza kama kundi lililolengwa ni lilelile. Tanzania inao mfano wake. Mwaka 2022, baada ya mgonjwa wa polio kuthibitishwa Malawi, kampeni ililenga watoto walio chini ya miaka mitano. Mwaka 2023, baada ya virusi vya aina nyingine kugunduliwa Rukwa, kampeni ya mikoa sita ya magharibi na kusini magharibi ililenga walio chini ya miaka minane. Anayeweka idadi za kampeni hizo mbili pamoja na kutangaza ongezeko analinganisha makundi mawili tofauti ya watoto. Mashine haitamzuia, labda umri uwe umeandikwa kwenye jedwali, na mara nyingi umri uko kwenye mwongozo wa kampeni ambao hakuna aliyeuingiza.

Tunapendekeza utaratibu usiohitaji semina. Muhtasari uchapwe kwenye karatasi. Kila namba ipigwe mstari na pembeni iandikwe jina la karatasi na safu ilikotoka. Isiyo na kwao ifutwe. Kisha yatafutwe maneno "kwa sababu", "kutokana na", "kulikosababishwa na", "kumechangia", na kila moja liulizwe ni fomu gani iliyosema hivyo. Mwisho zitafutwe sifa: "imefanikiwa", "imeimarika", "imethibitisha", "kuliko". Kila sifa ionyeshe kipimo chake au iondoke. Kazi hii ifanywe na mtu ambaye hakuitayarisha ripoti, mwenye fomu za kata mkononi, na aandike jina lake chini ya ukurasa. Kwa muhtasari wa kurasa mbili ni kazi ya asubuhi moja.

Tunajua pingamizi litakalokuja. Ripoti inasubiriwa mkoani, mkoa unasubiriwa wizarani, na hakuna anayetaka kuchelewa kwa ajili ya pointi nne. Jibu letu ni kwamba makosa haya hayatoki kwa mashine pekee. Wastani wa asilimia na sababu za mvua viliandikwa na binadamu miaka mingi kabla. Kilichobadilika ni kwamba zamani ripoti mbovu ilikuwa na sura ya ubovu: sentensi zilizokatika, jumla zisizokaa. Msimamizi aliishtukia. Hii ya leo haina dalili hiyo, kwa hiyo jicho la msimamizi limepoteza kitu kilichokuwa kikilisaidia, na lazima lisaidiwe kwa utaratibu.

Baada ya uhakiki, muhtasari wa wilaya yetu ya mfano unabaki mfupi. Watoto 18,627 walichanjwa kati ya lengo la 20,000, sawa na asilimia 93.1. Sokoni ilifikia asilimia 82 ya lengo, na haikufikia 90 kwenye uhakiki huru. Kati ya watoto 410 walioandikwa huko kuwa wamekosa chanjo, 322 hawakuwepo nyumbani. Pengo la watoto 1,120 halina maelezo kwenye fomu. Mlimani ilivuka lengo kwa watoto 480. Sababu haijulikani, na karatasi za mitaa ya mpakani zinafunguliwa upya. Upotevu wa chanjo ni asilimia 13.4.

Huo Mganga Mkuu anaweza kuutia saini.